Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mamlaka ya usalama wa dawa na chanjo: fomu ya mwanangu imelala kwenye droo

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, naandika hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya imeshindikana. Juzi nilirudi kliniki kuuliza, muuguzi akafungua droo, nami nikaiona fomu ya njano ya taarifa ya madhara baada ya chanjo, iliyojazwa nikisimulia mwenyewe. Haijatumwa kokote. Basi nakuletea taarifa hapa.

Mwanangu alikuwa na wiki 10, mzima, ananyonya vizuri. Jumanne saa tatu asubuhi alidungwa penta, ile chanjo ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro, paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia, akapewa na matone ya polio na rota. Dozi za wiki 6 hazikumfanya kitu zaidi ya joto la usiku mmoja.

Saa saba mchana, akiwa mapajani kwangu, alilegea ghafla kama kitambaa kilicholowa. Alipauka, midomo ikawa ya bluu, macho yamefunguka lakini nikimwita haitikii. Hakutikisika wala kukaza viungo, ndiyo maana nakataa kuandikiwa "degedege". Ilichukua kama dakika 20 ndipo akalia. Hospitali joto lilikuwa 37.6, malaria hakuna, sukari ya damu sawa. Jioni alinyonya. Alilazwa usiku ule, asubuhi tukaruhusiwa, na hadi leo anacheka na shingo yake anaimudu vizuri.

Daktari alisema kulegea kwa namna hiyo kunajulikana, hutokea kwa nadra ndani ya saa 48 baada ya chanjo yenye kinga ya kifaduro, na watoto hupona. Nami nahisi ni hiyo penta, ingawa alipewa chanjo nne siku moja na mimi si mtaalamu. Kupima hilo ni kazi yenu. Mtoto akilazwa baada ya chanjo, tukio huhesabiwa kuwa kubwa na linapaswa kuchunguzwa haraka. Mnatuambia redioni kila mara: toeni taarifa. Nimetoa. Aliyekuja kuchunguza ni nani?

Kinachoniuma zaidi ni kadi yake. Imeandikwa tarehe tu, namba ya toleo hakuna. Kichupa kimoja cha penta huweza kuwa na dozi 10. Watoto wengine waliodungwa kutoka kichupa kile mtawafuatiliaje bila namba hiyo? Daftari la stoo linayo, mtu wenu akiliomba atapewa.

Sikatai chanjo, Mkurugenzi. Kifaduro nimekiona kwa mtoto wa jirani na sikitaki nyumbani kwangu. Lakini Jumatatu anatimiza wiki 14, zamu ya dozi inayofuata, na muuguzi ananiambia "amua mwenyewe mama". Niamue kwa lipi? Nijibiwe kwa maandishi kabla ya Jumatatu: adungwe au asidungwe, na akidungwa, akae chini ya uangalizi kwa saa ngapi, wapi. Nakuomba hilo jibu. Kabla ya Jumatatu.

Wako,
Mama wa mtoto