Friza limelipiwa lote, likageuzwa mlangoni: barua kwa uongozi wa duka

Kwa Meneja,
Duka la Vyombo vya Nyumbani (Mtandaoni),
Dar es Salaam.

YAH: KULIPISHWA PESA YOTE KABLA, KUNYIMWA KUKAGUA FRIZA, NA FRIZA KUGEUZWA MLANGONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo sitaueleza. Mmeubandika wenyewe juu ya ukurasa wenu wa Instagram: malipo kwanza, hatukutani na wateja, pesa ikishaingia hairudi. Ninachoandikia ni kile ambacho utaratibu huo umefanya kwenye oda yangu ya friza la kulala la lita 200, Sh 780,000, na Sh 35,000 ya usafiri hadi Tabata.

Kirikuu kilifika jioni, friza likiwa limelazwa ubavu chini ya turubai. Nilimwomba dereva alishushe, tufungue boksi, nisome kibandiko cha nyuma kabla hajaondoka. Pesa mlikuwa mnayo tangu asubuhi, Sh 815,000 zote. Dereva, kwa adabu kabisa, akasema hana ruhusa ya kufungua, akampigia dada yenu wa oda na kuweka simu sauti ya juu. Jibu lilikuwa hili: "Mzigo haufunguliwi. Anayetaka kukagua aende dukani." Nikauliza duka liko wapi. Simu ikakatwa, na friza likaondoka.

Aende dukani. Ndugu Meneja, siku moja kabla ya malipo nilikuwa nimeandika kwenye WhatsApp yenu kwamba nipo tayari kuja Kariakoo na pesa taslimu, nilione, nilipe, nibebe mwenyewe. Mkajibu kwamba hamna duka la kutembelewa, mnauza mtandaoni tu. Nikaomba basi nilipe mzigo ukifika. Mkasema hapana. Nikaomba nilipe usafiri kwanza na bei ya friza likishuka garini. Hapana pia. Meseji zote ninazo. Sasa hilo duka la kukagulia lilizaliwa lini?

Mtasema hii ni kelele ya mtu asiyejua friza, kwa hiyo niwaeleze kwa nini kibandiko ni muhimu. Tangazo lilisema lita 200. Boksi lililokuja lilikuwa limechanika pembeni, na pale palipochanika palisomeka lita 142. Hii si tofauti ya kuachiana. Friza la lita 200 kwa ndani ni kama sentimita 80 urefu, 40 upana na 62 kina: zidisha, gawa kwa 1000, unapata lita 198. Lile la 142 ni pungufu kwa zaidi ya robo. Anayeuza samaki au barafu hapotezi namba kwenye karatasi, anapoteza ndoo nzima ya mzigo kila siku. Na bei sokoni hazifanani hata kidogo. Kuhakiki hili kunahitaji futi ya kamba na dakika tano mfuniko ukiwa wazi. Ndizo dakika tano mlizoninyima.

Kibandiko cha nyuma kinasema na mengine: aina ya gesi, umeme wa volti 220 hadi 240, na namba ya chombo, ambayo inatakiwa ifanane na ya kwenye kadi ya waranti. Namba zisipofanana, waranti hiyo ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mnunuzi pia hupitisha mkono nyuma na chini kuona kama mrija wa shaba umepinda au una alama ya mafuta. Mrija ukivuja gesi, mafuta ya kompresa huvuja nayo na kuacha unyevunyevu unaoshika vumbi. Fundi yeyote wa mafriji atawaambia hicho ndicho kitu cha kwanza anachotazama.

Halafu mmelisafirisha limelazwa. Friza likilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kuingia kwenye mirija, na ukiliwasha hapohapo kompresa inazunguka bila mafuta ya kutosha na inaweza kuungua. Kwa hiyo friza la namna hiyo linasimamishwa na kuachwa, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo lichomekwe. Maana yake haliwezi kujaribiwa mlangoni dereva akisubiri. Kinachoweza kufanyika mlangoni ni ukaguzi wa macho peke yake, na kujaribu umeme kunabaki kwa siku inayofuata, jambo linalohitaji muuzaji anayepokea simu kesho. Ninyi mmekataza la kwanza, na la pili mmelifuta kwa maneno "pesa hairudi". Mteja anabaki na nini mkononi?

Anabaki na meseji ya muamala. Na hata hiyo mmeipangia. Sikupewa Lipa Namba, ambayo huonyesha jina la biashara kabla mtu hajaweka namba ya siri. Nilipewa namba ya kawaida ya simu, na jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, halifanani na jina la duka wala la dada wa oda. Kuuliza, nikaambiwa ni la mhasibu. Kila anayefanya biashara Kariakoo anajua kwa nini watu hupenda namba ya mtu: hakuna makato ya biashara, mauzo hayaonekani kama mauzo, na pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuiwa. Kampuni ya simu inaweza kushughulikia muamala uliokosewa kama salio bado lipo kwa mpokeaji. Likishatoka, mteja anaelekezwa polisi.

Najua kuna wateja wanaoagiza kisha wanazima simu, na mafuta ya gari yanakuwa yameungua bure. Hilo ni kweli, na wauzaji waungwana wamelipatia dawa zamani: mteja analipa usafiri kwanza, ambao haurudi akikataa bila sababu, na bei ya bidhaa inalipwa mzigo ukiwa chini, boksi likiwa wazi, dereva akiwa palepale. Pesa ya simu inaingia kwa sekunde. Muuzaji anaangalia salio lake mwenyewe, si meseji anayoonyeshwa na mteja kwenye simu yake, maana meseji za kughushi zipo, kisha anamwambia dereva "ondoka". Hakuna anayemtegemea mwenzake kwa imani tupu. Utaratibu huohuo niliwapa kwa maandishi, mkaukataa.

Na msije mkanijibu kwamba nililipa kwa hiari yangu. Kulipa kabla hakufuti haki ya kukagua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na mnunuzi ambaye hakuwahi kuiona hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kuikagua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa jina kamili na anuani ya mahali alipo. Ukurasa wenu una picha za mafriza, mioto mingi ya emoji, na maneno "bei inboksi". Anuani haipo.

Nairudia ile jioni, kwa sababu kwenye simu yenu ya mwisho mlidai dereva aliondoka kwa kuwa "mteja alikuwa mkali". Hakuna aliyepandisha sauti. Kirikuu kilikuwa kimeegeshwa mbele ya geti, injini ikiunguruma. Nilikuwa nimemulika pembe ya boksi iliyochanika kwa tochi ya simu na kumsomea dereva: mia moja arobaini na mbili. Naye akaisoma. Ndipo akapiga simu, sauti ya juu, majirani wawili wakisikia. Dada yenu akasema mzigo haufunguliwi, anayetaka kukagua aende dukani. Dereva akamwambia, "Dada, lakini hapa pameandikwa 142." Kukawa kimya kidogo, kisha akasema, na haya ndiyo maneno ambayo sikuyaandika hapo juu kwa kuwaheshimu: "Rudi nalo. Hela si imeshaingia?"

Hela si imeshaingia. Akacheka, Ndugu Meneja. Kisha akakata.

Usiku uleule namba yangu ikablokiwa WhatsApp, na swali nililoweka chini ya posti ya friza likafutwa. Posti yenyewe ipo bado, lita 200, bei inboksi.

Naomba mnirudishie Sh 780,000 za friza pamoja na Sh 35,000 za usafiri, kwa kuwa usafiri niliolipia ulikuwa wa kuleta friza, si wa kulitembeza. Jumla Sh 815,000, zitumwe kwenye namba ileile iliyolipa, ndani ya siku saba tangu mpokee barua hii. Sitapokea friza jingine la kubadilishana, wala "mkopo wa dukani" mliougusia kwenye ile simu, kwa sababu duka lenyewe hamjasema liko wapi.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wakati naandika mistari hii nimeona mmeweka stori mpya, mteja mwingine akishukuriwa kwa "kutuamini", na picha ni ya boksi lenye pembe iliyochanika palepale. Kwa hiyo siku saba nazifuta, ziwe tatu. Pamoja na pesa nataka risiti ya EFD ya mauzo yale ya Sh 780,000 na kumbukumbu ya kufutwa kwake, kwa sababu pesa ilipokelewa na mauzo yalipaswa kuandikwa. Na posti ile irekebishwe isomeke lita zilizopo kwenye kibandiko.

Siku ya nne asubuhi naenda polisi na kumbukumbu namba ya muamala, jina lililotokea kwenye simu na namba ya gari. Laini za simu siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo "mhasibu" atapatikana. Kutoka hapo napeleka nakala Tume ya Ushindani kuhusu tangazo la lita 200, na TRA kuhusu mauzo yanayopita kwenye namba ya mtu binafsi. Dereva amekubali kueleza alichosikia.

Wenu katika biashara, bado,

Mnunuzi wa friza,
Tabata, Dar es Salaam.

Viambatanisho: picha ya tangazo; picha ya pembe ya boksi; meseji ya muamala; mazungumzo ya WhatsApp kabla ya kublokiwa.

Nakala (hazijatumwa bado): Tume ya Ushindani, TRA, Polisi, makosa ya mtandao.