TV ya pili inakata picha ya 4K video ikifika fremu 50: kabla hujanunua waya mwingine

Mwezi uliopita dada mmoja wa mapokezi, kutoka ofisi ya utalii hapa hapa Arusha, alituletea kigawanyaji cha HDMI kwenye mfuko. Hiki ni kile kifaa kidogo kinachochukua picha kutoka chombo kimoja na kuipeleka kwenye TV mbili. Kilikuwa cha pili kununua, na waya walikuwa wameshabadilisha mara mbili.

"Kaka, na hiki nacho kibovu," alisema. "TV ya mapokezi inaonyesha kila kitu. Ile ya chumba cha wageni inaonyesha simba, inaonyesha mlima, lakini nyumbu wakianza kuvuka mto inaandika No signal."

Hilo la nyumbu ndilo lililotufanya tufunge safari badala ya kumbadilishia kifaa tena. Kifaa kibovu hakichagui mnyama. Tukamwomba atutumie zile video kwanza, tukakuta zote ni za 4K, ila simba na mlima zilirekodiwa kwa fremu 25 kwa sekunde, na nyumbu kwa fremu 50 ili mbio zao zionekane laini. Kiboksi chao cha kuchezea video kilikuwa kimewekwa kibadilishe kasi ya picha kufuata video yenyewe. Kwa hiyo kila zamu ya nyumbu ilipofika, mzigo unaopita kwenye waya ulikuwa unaongezeka maradufu.

Picha ya 4K yenye rangi kamili kwa fremu 25 au 30 inahitaji karibu gigabiti 9 kwa sekunde. Ukipanda kwenye fremu 50 au 60 inahitaji karibu 18. Sasa, TV nyingi za 4K hutoka kiwandani matundu yake ya HDMI yakiwa kwenye hali ya kawaida, ambayo hupokea gigabiti 10 na kidogo tu. Watengenezaji hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu ving'amuzi na deki za zamani huweza kuchanganyikiwa TV ikijitangaza kuwa na uwezo mkubwa. Hali ya juu ipo ndani ya TV, lakini inasubiri mtu aiwashe kwenye menyu, tundu kwa tundu.

Lakini mbona TV moja ilikubali na nyingine ikakataa, na zote mbili ni za aina moja?

TV ikiunganishwa hujieleza kwa chombo kinachotuma picha: naweza ukubwa huu, kasi hii, rangi hizi. Mafundi huita maelezo hayo EDID. Ukiwa na kigawanyaji, kiboksi hakizungumzi na TV zote mbili. Kigawanyaji chao, kama vilivyo vingi, kilikuwa kinachukua maelezo ya TV iliyo kwenye tundu la kutokea namba 1 na kuyapeleka kwa niaba ya zote. Namba 1 ilikuwa ya mapokezi, na huko fundi aliyeifunga alishawasha hali ya juu. Kiboksi kikaambiwa "tuma gigabiti 18, tunazipokea," kikatuma. TV ya wageni, ambayo haikuulizwa, ikapokea kitu isichoweza kukisoma.

Hapa ndipo wengi hupotezwa, na sisi wenyewe tumeshuhudia mara kadhaa. Dada yule alikuwa amefanya jaribio la busara kabisa: alitoa kigawanyaji, akachomeka kiboksi moja kwa moja kwenye TV ya wageni. Nyumbu wakavuka bila shida. Akahitimisha kuwa TV ni nzima na kigawanyaji kibovu. Kilichotokea ni kwamba safari hii kiboksi kiliisikia TV yenyewe ikisema uwezo wake mdogo, kikapunguza taarifa za rangi mpaka fremu 50 zikaenea kwenye gigabiti 9. Kwa macho, kwenye video ya wanyama, upungufu huo hauonekani. Unaonekana kwenye maandishi madogo ya rangi, mfano mekundu juu ya bluu, ambayo kingo zake huvuja.

Kijana wao wa kompyuta naye alikuwa ameingia kwenye menyu na kuwasha hali ya juu. Aliiwasha kwenye HDMI 2, na waya ulikuwa HDMI 1. Kwenye TV ile HDMI 1 haikuwa na hali hiyo kabisa, ni 2 na 3 tu. Kwa hiyo hata angeipata menyu ya tundu lake asingeweza kuiwasha. Tulihamisha waya kwenda HDMI 2, picha ikazima kidogo TV ilipojitambulisha upya, ikarudi.

Jina la setingi hii hubadilika kwa kila kampuni. Kwenye Sony tafuta `HDMI signal format` uchague `Enhanced format`. Kwenye Samsung ni `Input Signal Plus`, na kwenye za zamani kidogo `HDMI UHD Color`. LG huiita `HDMI Ultra HD Deep Colour`, au `HDMI Deep Color`. Kabla hujagusa rimoti, geuza TV usome mgongoni: tundu linaloweza mara nyingi limeandikwa 4K na namba ya kasi pembeni yake, kama 60Hz au 120Hz.

Kazi ya Arusha haikuishia hapo. Picha ilikuwepo sasa, lakini nyumbu walikuwa na vinukta vyeupe vinavyometameta, na kila baada ya dakika chache skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili kisha inarudi. Hiyo ni dalili nyingine. Setingi ikikosewa, picha ya kasi kubwa haiji kabisa, na haibahatishi. Ikija ikiwa na vinukta au ikikatika na kurudi, shuku waya. Waya wao wa shaba ulipita juu ya dari mita 15 mpaka chumba cha wageni, na kwa gigabiti 18 sisi hatuamini waya wa shaba wa kawaida ukizidi mita 5. Tuliweka waya wa nyuzi za kioo. Angalia tu mwelekeo wake unapoupitisha: upande ulioandikwa SOURCE unakaa kwenye kigawanyaji, DISPLAY kwenye TV. Ukiugeuza hauonyeshi chochote, na kuutoa darini tena ni kazi.

King'amuzi chao cha zamani tulikirudisha HDMI 1, kwenye hali ya kawaida, kinakofanya kazi bila usumbufu. Na kama TV yako ya pili haina kabisa tundu la hali ya juu, ichomeke kwenye tundu la kutokea namba 1 la kigawanyaji. Kigawanyaji cha aina hiyo kitatangaza uwezo wake mdogo, na TV zote mbili zitapata picha ya fremu 50 yenye rangi zilizopunguzwa, ambayo ni nafuu kuliko skrini nyeusi mbele ya mgeni.

Kile kigawanyaji cha pili tulikipokea na kumrudishia dada hela yake, maana hakikuwa na kosa. Nawe ukiona dalili hizi, tutumie picha ya mgongo wa TV ikionyesha waya umechomekwa wapi, na utuambie ni video ipi inakata na ipi haikati.