Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: ratiba ya nyumba zinazofanana

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: CHATI YA MISTARI YA UWIANO KATIKA ZABUNI ZA NYUMBA ZA KUFANANA

Tunakuomba ubadilishe kipengele kimoja katika nyaraka za zabuni: mkandarasi adaiwe chati ya mistari ya uwiano. Mkandarasi anapoomba kazi ya nyumba nyingi za ramani moja, huleta ratiba ambayo kila kazi ina mstari mmoja mnene: msingi miezi mitatu, kuta miezi mitatu, paa miezi miwili. Ratiba hiyo inaficha jambo kuu, yaani kila kikosi kinahama kutoka nyumba hadi nyumba kwa mwendo gani.

Tuchukue mfano wa nyumba 30 zilizopangwa kwenye barabara moja Kigamboni. Msingi wa nyumba moja unachukua siku 6, kuta hadi lenta siku 8, kupaua siku 4. Tunataka nyumba moja ikamilike kila baada ya siku 2. Gawanya siku za kila kazi kwa 2, upate idadi ya vikosi: vitatu vya msingi, vinne vya kuta, viwili vya kupaua. Halafu chora namba za nyumba upande wa wima na siku upande wa mlalo. Kila kazi inakuwa mstari unaopanda, na kwa kuwa mwendo ni mmoja, mistari yote mitatu inakwenda sambamba; hiyo ndiyo chati ya mistari ya uwiano. Kati ya kazi moja na nyingine acha siku 7 za kumwagilia zege. Kwa mpangilio huo kuta za nyumba ya kwanza zinaanza siku ya 14, paa siku ya 29, na nyumba ya 30 inamaliza kupauliwa siku ya 90.

Sasa angalia kinachotokea ratiba inapochelewa. Agizo la kwanza la wakubwa huwa "ongeza mafundi", na wanaoongezwa ni wale waliopo karibu. Tuseme vikosi vya kupaua vinafanywa vinne. Boma bado linapatikana moja kila siku 2, kwa hiyo kila kikosi kitafanya kazi siku 4 na kukaa siku 4. Ukitaka wasikae, itabidi waanze siku ya 58 badala ya 29, na boma la kwanza lisimame bila paa zaidi ya mwezi. Vyovyote utakavyochagua, nyumba ya 30 itapauliwa siku ile ile ya 90. Hela imetoka, na siku hata moja haikuokolewa.

Kinyume chake, punguza kikosi kimoja tu cha kuta, vibaki vitatu. Nyumba moja sasa inaondoka kila baada ya siku 2 na theluthi mbili. Tofauti hiyo ikijirudia hadi nyumba ya 30, mradi wote unachelewa siku 19. Na wala hukuokoa gharama ya ufundi, maana nyumba 30 kwa siku 8 ni siku-kikosi 240, wawe vikosi vitatu au vinne.

Mara nyingi anayechelewesha kuta si fundi, ni tofali. Kama nyumba moja inakula tofali 2,000, mwendo wetu unadai tofali 1,000 zilizokomaa kila siku. Mfyatuaji akileta 700, nyumba moja itachukua karibu siku 3, hata ukileta vikosi kumi. Ndiyo maana tunasema mwendo wa tofali nao uchorwe kwenye chati ile ile, usibaki kwenye daftari la stoo.

Msimu nao uhesabiwe. Msingi wa nyumba 30 unachukua siku za kazi 64, kama wiki 11 kwa siku sita za wiki. Ukianza katikati ya Juni, mitaro inafukiwa kabla ya vuli. Ukianza Machi, masika yatajaza maji kwenye mitaro, na kila kikosi kilicho nyuma kitapungua mwendo pamoja na msingi.

Njia hii inafaa nyumba za ramani moja, kwenye udongo unaofanana. Kiwanja chenye mteremko au kifusi kiwekwe mwisho wa foleni, kisivuruge mwendo wa wengine.

Afisa wako hahitaji kompyuta kukagua. Atembee barabara nzima kila Jumatatu, ahesabu nyumba zilizopo kati ya kikosi cha mbele cha msingi na kikosi cha mbele cha kuta. Kwa mfano wetu ziwe sita au saba, wiki zote. Zikifika kumi, kuta zimelegea, na hapo ndipo pa kuongeza nguvu. Zikibaki tatu, msingi ndio unaokwama, na vikosi vya kuta vinakaribia kukaa bure au kujenga juu ya zege bichi. La pili ni baya zaidi, kwa sababu plasta italificha.

Tunaomba chati hiyo idaiwe pamoja na zabuni, na hesabu ya Jumatatu iandikwe kwenye kila taarifa ya saiti kabla hati ya malipo haijasainiwa.

Wako katika ujenzi,
Wakadiriaji majenzi na wasimamizi wa saiti,
Dar es Salaam