Barua kwa mabinti wa mtaani mnaojiandaa kwenda Omani

Wanangu, nimekasirika na sitaficha. Binti wa jirani yetu hapa Mbagala amerudi juzi, mkataba wake anao, kurasa za Kiingereza zinasema mshahara riali 120 kwa mwezi, za Kiarabu zinasema 90. Alipewa karatasi usiku wa safari, ajenti anamwambia saini haraka ndege inaondoka. Hiyo tofauti ya riali 30 kwa miaka miwili ni 720, na kule ukishtaki, kinachosomwa mezani ni Kiarabu.

Kinachoniuma ni kwamba angeweza kuiona mwenyewe hata kama hajui Kiarabu, maana tarakimu zao ni kumi tu na zinasomwa kushoto kwenda kulia kama zetu. Moja na tisa zinafanana na zetu. Nukta ni sifuri. Kiduara, kile ambacho sisi tungekiita sifuri, kwao ni tano, hapo wengi wanaangukia. Sita yao inafanana na saba yetu, saba ni kama V, nane ni hiyo V imepinduliwa, na tatu ina jino moja zaidi ya mbili. Nne ni kama tatu yetu iliyogeuzwa. Sasa tafuta mstari wa "ratib asasi", yaani mshahara wa msingi: 120 ina alama tatu, 90 ina mbili tu, tisa na nukta. Hapo hata mtoto wa madrasa angekwambia dada usisaini.

Ukifika ukapewa karatasi nyingine, ukasikia "wakii hina", unaambiwa saini hapa. Sema kwa upole, "lahdha, ma afham", yaani subiri kidogo, sijaelewa. Halafu "kam ir-ratib?", mshahara kiasi gani, na "abgha nuskha minal-akd", nataka nakala ya mkataba. Pasipoti ikichukuliwa uliza "wen jawazi?" Ukiumwa sema "ana taabana, abgha mustashfa", yaani naumwa, nataka hospitali. Msijitulize kwamba Waomani wengi wanajua Kiswahili, unaweza kuangukia nyumba ambayo hakuna anayekijua hata mmoja.

Mengine ya kuuliza kabla ya kusaini: siku ya mapumziko ni ipi, kipindi cha majaribio miezi mingapi, tiketi ya kurudi analipa nani, na jina la mwajiri ni lile lile la kwenye viza?

Na sisi wazazi jamani, tunakodi maturubai na muziki wa kuaga, mkataba hatujauona! Mtoto akihoji anaambiwa analeta nuksi. Mkatalieni ajenti anayetoa karatasi eapoti, dai mkataba wiki moja kabla, mpelekee ustadhi au yeyote anayesoma Kiarabu, piga picha kurasa zote hadi ile yenye muhuri, mtumie mama na mtu mwingine mmoja kwa Wasapu kabla hujapanda ndege.