Wavamizi wa Mirihi walitokea Tasmania

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu filamu za viumbe wa sayari nyingine wanaoivamia dunia. Mwandishi anasema chimbuko la hadithi hizi ni woga wa mashine na sayansi. Naomba nafasi nimpinge, kwa sababu chimbuko lenyewe linajulikana, lina mwaka na lina mahali, na halihusu mashine.

Mwaka 1897 jarida la Pearson's Magazine la London lilianza kuchapa kwa mfululizo hadithi ya H. G. Wells, The War of the Worlds, iliyotoka kama kitabu mwaka uliofuata. Viumbe kutoka Mirihi wanatua karibu na mji wa Woking, nje ya London, wanaunda mashine ndefu za miguu mitatu, na kwa siku chache tu wanaivuruga nchi ambayo wakati ule ilikuwa na himaya kubwa kuliko zote. Filamu nyingi za uvamizi tunazozitazama leo ni wajukuu wa kitabu hiki. Sasa mfungue sura ya kwanza. Kabla mvamizi hajakanyaga ardhi, Wells anamwonya msomaji wake Mwingereza asiharakishe kuwahukumu watu wa Mirihi. Akumbuke kwanza wenyeji wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, ambao, kwa maneno yake, walifutwa na wahamiaji wa Kizungu katika vita vya maangamizi vilivyochukua miaka 50. Kisha anauliza: je, sisi tuna huruma kiasi gani hata tuje kulalamika watu wa Mirihi wakitupiga kwa moyo uleule?

Hilo si pambo la mwanzo wa kitabu. Wells alimtunukia kitabu hicho kaka yake Frank, akaandika kuwa wazo lilikuwa la Frank, na miaka baadaye akaeleza kwamba lilizaliwa wakiwa matembezini, wakizungumza habari za Wazungu kuingia Tasmania.

Ni nini kilitokea huko? Waingereza waliweka makazi yao ya kwanza katika kisiwa hicho mwaka 1803. Kondoo wao walipoongezeka walizidi kutwaa mbuga ambazo wenyeji walikuwa wakiwinda, na kufikia miaka ya 1820 ilikuwa vita kamili. Mwaka 1828 gavana Arthur alitangaza sheria ya kijeshi dhidi ya wenyeji. Mwaka 1830 alikusanya wanaume zaidi ya 2,000, askari, walowezi na wafungwa, akawapanga mstari mmoja ukatishe nchi na kuwaswaga wenyeji kuelekea rasi moja ya kusini, kama wawindaji wanavyoswaga wanyama kwenye wavu. Mstari ule ulitembea kwa wiki kadhaa ukakamata watu wawili tu. Wenyeji waliijua nchi yao, wakapenya usiku. Lakini walikuwa wamekwisha kupungua mno. Waliobaki walibembelezwa kwa ahadi, wakahamishiwa Wybalenna katika kisiwa cha Flinders. Walipelekwa huko kama 200, na maradhi yakawamaliza. Mwaka 1847 waliorudishwa kisiwa kikuu cha Tasmania walikuwa 47.

Hapa lazima nimkosoe Wells mwenyewe. Watu wa Tasmania hawakwisha. Wanawake waliochukuliwa na wawindaji wa sili katika visiwa vya mlango-bahari wa Bass walizaa, na wazao wao wapo hadi leo, wanajiita Wapalawa, na wamepigania kwa miaka mingi kutambuliwa kuwa wapo. Truganini, aliyefariki mwaka 1876 na kutangazwa kuwa wa mwisho, aliomba maiti yake isichezewe. Mifupa yake ikawekwa maonyesho katika jumba la makumbusho la Tasmania hadi mwaka 1947. Iliteketezwa na majivu yakatawanywa baharini mwaka 1976 tu, kwa madai ya watu wake haohao waliokuwa wakiambiwa hawapo. Mwingereza mwenye huruma naye alimeza hadithi ya mshindi kwamba kazi ilikuwa imekwisha, na filamu za leo zimerithi upofu huo. Ndani yake dunia ama inaokolewa yote ama inateketea yote. Wale wanaobaki, wanaojificha, wanaozaa na kudai miaka 100 baadaye, hawana nafasi.

Pamoja na kasoro hiyo, tazameni Wells alivyoujenga uvamizi. Kule kwenye uwanda wa Horsell, silinda ya kwanza iliyowaleta watu wa Mirihi inapofunguka, Waingereza wanatuma wajumbe wakiwa na bendera nyeupe, kuonyesha kwamba wao pia ni viumbe wenye akili. Kutoka shimoni kunatoka moshi wa kijani, kisha mwali wa joto usioonekana. Wajumbe wanawaka papo hapo, na usiku ule karibu watu 40 wamelala wameungua kuzunguka shimo. Hakuna tamko wala masharti. Wakati huohuo treni zinaendelea kusimama na kuondoka stesheni ya Woking kama kawaida, na watu wanasema hawa wageni ni wazito, hawatapanda kutoka shimoni. Msimulizi mwenyewe, akiwa mezani na mkewe, anajipa moyo kwamba kombora moja litawamaliza wote. Halafu anajifananisha na ndege dodo wa Morisi, yule aliyetoweka katika karne ya 17 baada ya mabaharia wa Kizungu kufika: pengine naye alikaa kiotani akimwambia mwenzake kwamba kesho tutawadonoa hao wageni mpaka wafe. Sijui ukurasa mwingine unaoeleza vizuri zaidi hali ya watu siku moja kabla ya kutekwa.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kwenda Morisi kuielewa. Tarehe 27 Agosti 1896, miezi michache kabla jarida lile halijaanza kuchapa hadithi hii, manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani Unguja, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka. Mizinga ilianza kufyatuliwa saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kabla ya saa nne yote yamekwisha. Upande wa jumba waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Sisemi Wells aliitoa hadithi yake Unguja. Nasema mwali wa joto haukuwa ndoto kwa watu waliokuwa Forodhani asubuhi ile. Kilichokuwa kigeni kwa msomaji wa London ni kusimama upande wa jumba.

Huo ndio uzito wa kitabu: kumsimamisha mtekaji mahali pa mtekwa. Na mwandishi wenu angeona mambo kwa uwazi zaidi kama angefuatilia yaliyotokea mara tu baada ya kitabu hicho. Gazeti la New York Evening Journal lilichapa toleo la wizi la hadithi hiyo, ambamo watu wa Mirihi wanatua Marekani. Januari 1898 likaanza mwendelezo ulioandikwa na Garrett Serviss, ambamo mvumbuzi Edison anabuni silaha ya kusambaratisha vitu, mataifa yanachangishana fedha, merikebu za anga zinaundwa, na dunia inakwenda Mirihi kulipiza kisasi. Huko wanampata msichana ambaye mababu zake walitekwa kutoka Kashmir. Yeye ndiye anayewafunulia siri ya mifumo ya maji ya sayari ile, nao wanaifurika Mirihi, wanazamisha umma mzima. Tasmania imegeuzwa juu chini. Aliyekuwa akiulizwa swali la dhamiri sasa amepewa sababu ya kuangamiza wengine, tena amepata mwenyeji wa kumwonyesha njia. Mwaka huohuo wa 1898 Marekani ilizichukua Puerto Rico, Guam, Ufilipino na Hawaii.

Tangu hapo kuna aina mbili za hadithi za uvamizi, na zinatofautishwa kwa jambo moja. Ya kwanza inamkumbusha anayevamiwa kwamba naye aliwahi kuvamia. Ya pili inamfanya mwenye nguvu ajione mnyonge, apate uhalali wa kupiga kwanza. Redio ya Marekani ilipoigiza kitabu cha Wells tarehe 30 Oktoba 1938, ikikihamishia New Jersey, maneno ya ufunguzi yalibaki karibu yaleyale, lakini Tasmania iliondolewa. Filamu ya 1953 iliyokipeleka California nayo haikuitaja. Ile ya 2005 imeacha alama moja ndogo: mtoto wa kiume ana kazi ya shule isiyokamilika kuhusu Wafaransa kuikalia Aljeria. Watazamaji wengi hawaisikii, na filamu yenyewe haiirudii kwa uzito.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi zaidi. Watu wa Mirihi wa Wells wanataka damu ya binadamu na nafasi ya kuishi. Huo ni ukoloni wa walowezi, wa Tasmania, ambao kwao mwenyeji ni kizuizi. Ukoloni uliofika kwetu ulitaka pia mikono. Mwaka 1898, kitabu kilipotoka, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki yao, na asiyekuwa na rupia alifanyishwa kazi. Wells aliugusa ukoloni wa namna hii mara moja tu, kule kilimani Putney, askari mmoja wa mizinga anapobashiri kwamba watu wa Mirihi watawafuga baadhi yetu, watawalisha vizuri, na wengine watawafundisha kuwawinda wenzao. Msomaji wa huku anawafahamu watu hao. Mjerumani Wissmann alipokuja kuuzima upinzani wa pwani mwaka 1889, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani waliokusanywa Misri na watu kutoka Msumbiji. Filamu za uvamizi hazipendi kumwonyesha askari huyo, kwa sababu akitokea, hadithi ya binadamu wote dhidi ya wageni inavunjika.

Wells alifariki mwaka 1946, na hakimiliki ya kitabu chake Uingereza ilikwisha mwishoni mwa 2016. Hakuna kinachowazuia kukitafsiri. Naomba ukurasa wenu wa Jumapili uchape sura ya kwanza kwa Kiswahili, aya ya Tasmania ikiwa nzima, na pembeni yake habari za Wapalawa waliopo leo. Tafsiri ya sura hiyo nimekwisha kuianza, na niko tayari kuwaletea bila malipo.

Msomaji wenu,
Tanga