Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Tabora: insha ya uchaguzi isiishie kwenye neno "kudanganywa"

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

Salaam. Nakuandikia kuhusu insha moja tu, ile inayomtaka mwanafunzi wa kidato cha sita aeleze jinsi vyombo vya habari vinavyojenga ridhaa ya wananchi wakati wa uchaguzi. Walimu wengi tunaitoa kama zoezi. Mwongozo wa kusahihishia unaozunguka kwenye simu zetu unampa mwanafunzi alama zote akiandika kwamba redio na magazeti huwadanganya wananchi, kisha akataja itikadi na hejemonia kana kwamba ni kitu kimoja. Naomba mwongozo huo usiingie kwenye mafunzo ya walimu ya mkoa. Unamfundisha mtoto kutafuta uongo, na mara nyingi hapo penye ridhaa hakuna uongo wowote.

Tuchukue jambo ambalo kila mtu hapa analijua: maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Nzega, Igunga na Tabora mjini. Mradi ule ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, yaani deni ambalo nchi italilipa. Sasa fikiria kichwa cha habari cha kawaida kabisa msimu wa kampeni: "Serikali yawaletea wananchi maji." Ni kweli, maji yamefika. Mwanafunzi aliyefundishwa kusaka uongo ataisoma sentensi hiyo mara tatu na kuiacha ipite.

Aliyefundishwa vizuri ataanza kuuliza nani katika sentensi anatenda na nani anatendewa. Serikali inaleta, wananchi wanaletewa. Mlipa kodi atakayelipa deni hayumo. Mwananchi ametokea mwishoni, mikono wazi, kama mgeni aliyekaribishwa. Chini ya sentensi kuna dhana ambayo haikusemwa: kutawala ni kutoa, na kuwa raia ni kupokea na kushukuru. Dhana hiyo ndiyo itikadi. Wanafunzi wetu wengi wakisikia itikadi wanawaza Ujamaa au ubepari, mambo yaliyoandikwa kwenye katiba ya chama. Katika insha hii itikadi ni pana zaidi, ni ule mpangilio wa maana unaofanya uhusiano wa madaraka uonekane ndivyo dunia ilivyo, hata mtu asione kwamba ungeweza kupangwa vingine.

Hejemonia ni hatua inayofuata. Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti wa Italia, alikamatwa na utawala wa Mussolini mwaka 1926, na kuanzia 1929 akaandika madaftari yake akiwa gerezani. Swali lililomsumbua ni kwa nini mapinduzi ya wafanyakazi hayakufaulu Ulaya Magharibi kama yalivyofaulu Urusi mwaka 1917. Jibu lake lilikuwa kwamba tabaka linalotawala halisimami kwa askari peke yao. Linaongoza pia kupitia shule, kanisa, magazeti na vyama, mpaka mtazamo wake unakuwa akili ya kawaida ya watu wote. Uongozi huo wa kukubaliwa ndio hejemonia.

Kwa hiyo itikadi iliyomo ndani ya sentensi ya maji bado si hejemonia. Inakuwa hejemonia siku mgombea wa upinzani anapopanda jukwaani na kusema, "Mkinichagua mimi, nitawaletea maji mengi zaidi yao." Hapo wawili wanaogombana wamekubaliana jambo kubwa bila kulijadili: kwamba maji huletwa na mkubwa. Ugomvi umebaki kuhusu nani mtoaji bora. Hiki ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu, na naomba kitolewe alama nyingi kuliko ufafanuzi wa kukariri: tafuta kile ambacho washindani hawabishanii.

Kuna sehemu ambayo mwongozo wetu unaifuta kabisa. Gramsci alisisitiza kwamba anayeongoza lazima ajali kwa kweli masilahi ya anaowaongoza na agharimike kidogo kwa ajili yao. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kutafuta ndoo ya maji na leo anafungua bomba nyumbani hajadanganywa anaposhukuru. Ana sababu. Kumwita mjinga, kama insha nyingi zinavyofanya, ni kumdharau na pia ni kukosea nadharia. Bomba likikauka miezi miwili, shukrani hiyo inaanza kulegea, na kichwa cha habari hakitaweza kuirudisha peke yake.

Vyombo vya habari vinaingiaje, kama hakuna aliyeamrisha? Naomba walimu wawaonyeshe wanafunzi kazi yenyewe. Mwandishi anaalikwa kwenye ziara ya kiongozi. Anapanda gari la msafara kwa sababu redio yake haina la kwake. Hotuba ya mgeni rasmi inachukua saa nzima, na taarifa inatakiwa studio kabla ya habari za saa mbili usiku. Anabakiwa na dakika chache za kumfuata mwananchi mmoja bombani, anamwekea maikrofoni na kumuuliza, "Unajisikiaje baada ya kuletewa maji?" Swali hilo lina jibu moja tu la heshima. Angeuliza, "Uniti moja mnalipa shilingi ngapi, na mlishirikishwa bei ilipopangwa?" tungemsikia raia mwenye madai. Mwandishi hakusema uongo na wala si mtu mbaya. Utaratibu wa kazi umemchagulia swali.

Historia yetu ina mfano unaoonyesha pia ridhaa inaishia wapi. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea urais alikuwa mmoja, na mpiga kura alichagua Ndiyo au Hapana. Kwa miaka hiyo redio ya ndani Tanzania Bara ilikuwa ya serikali. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ikazunguka nchi kuuliza wananchi, na karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakataka chama kimoja kiendelee. Mwanafunzi wa "kudanganywa" anaishia hapo. Lakini wengi kati ya hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe. Mtu yuleyule alikubali mfumo na kulalamikia namna unavyoendeshwa. Gramsci aliiona hali hiyo: akili ya kawaida haina umoja, ndani yake mna utii na malalamiko pamoja. Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilika mwaka 1992.

Mwanafunzi ajue vilevile mahali pa kuiacha dhana hii. Gazeti likifungiwa au mgombea akizuiwa kusimama, hilo ni shurutisho na liitwe hivyo. Gramsci mwenyewe alisema ridhaa huvaa deraya ya nguvu. Insha inayoita kila kitu hejemonia inawasitiri wanaotumia nguvu, na inayoona nguvu tu haiwezi kueleza kwa nini watu wanapanga foleni kwa hiari yao.

Ombi langu, Ndugu Afisa Elimu, ni kwamba kwenye mafunzo yajayo ya walimu tutengewe saa mbili. Tusikilize pamoja taarifa moja ya habari ya kampeni iliyorekodiwa, tuiandike neno kwa neno ubaoni, tupige mstari chini ya kila mtenda na kila mtendewa, kisha tuandike upya mwongozo wa kusahihishia tukiwa na sentensi hizo mbele yetu. Rekodi ninayo, na niko tayari kuja nayo.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa sekondari, Tabora mjini