Wimbo, sura na maneno ya tangazo: tunavyokagua kabla ya kurekodi

Mteja alituletea skripti ya tangazo la sabuni ya kufulia, la sekunde 30. Msichana anacheka huku mama akifua, nyuma kuna wimbo wa zamani unaopendwa, kisha sauti inasema: "Huondoa madoa yote kwa kufua mara moja." Alitaka turekodi wiki ileile. Tulimwomba atusubiri.

Kilichotuchelewesha zaidi ni wimbo. Alikuwa na risiti ya mirabaha, akaamini amemaliza. Kumbe risiti ile ilimruhusu kupiga muziki dukani kwake tu. Kuuweka wimbo kwenye tangazo kunahitaji ruhusa mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Mara nyingi kila moja ina mwenyewe. Hapa mwenye utunzi alikubali, lakini mwenye rekodi alitoa ruhusa ya mtandaoni peke yake, na mteja alitaka televisheni pia.

Tukaamua kuurekodi upya kwa mwimbaji mwingine, maana hapo ruhusa ya utunzi inatosha. Ila tulimsihi mwimbaji asiige sauti ya yule wa kwanza. Mwimbaji wa Marekani Bette Midler alipokataa kuimba kwenye tangazo la magari ya Ford, watengenezaji walimtumia mtu wa kumuiga, ingawa ruhusa ya wimbo walikuwa nayo. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema ana haki ya kudai, kwa kuwa sauti yake ilikuwa inajulikana sana na iliigwa makusudi ili kuuza bidhaa. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini sisi hatupendi kumwingiza mteja kwenye hatari hiyo.

Kwa msichana, aliyesaini ridhaa ni mzazi wake, kabla kamera haijawashwa. Fomu ilitaja televisheni na mtandao kwa mwaka mmoja. Baadaye mteja alitamani picha ya msichana huyo ikae kwenye pakiti. Hilo halikuandikwa, kwa hiyo ilibidi turudi kwa mzazi tukaombe upya.

Yakabaki maneno. "Madoa yote" ni ahadi inayovunjwa na doa moja lisilotoka. Tuliomba ripoti ya majaribio, tukakuta sabuni ilijaribiwa kwa mafuta, chai na udongo, kwenye nguo za pamba zilizolowekwa kwanza kwa nusu saa. Basi sentensi ikawa: "Loweka nusu saa, ufue: mafuta, chai na udongo vinatoka kwenye pamba." Mteja aliona imepoa kidogo. Mimi naipenda, kwa sababu anayeinunua ataloweka, na doa litatoka.

Picha nayo ni dai. Shati jeupe linaloonekana mwishoni ni lilelile lililokuwa na doa mwanzoni, tumelifua wenyewe kwa sabuni hiyo, na tumehifadhi video nzima ya kulifua.